Hongo ya Mtemi: Mazungumzo ya Tamthilia ya Kihistoria

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji, kutoka hapa Dodoma. Leo tuna tukio moja la muswada wa tamthilia: ni miaka ya 1870, msafara uliotoka Bagamoyo umevuka nyika kavu ya Marenga Mkali na kuingia Ugogo, na mjumbe wa mtemi anawaambia, "Lipeni shilingi mia moja ndani ya dakika kumi, la sivyo tunafunga njia." Kaka Yohana, tuanzie wapi?

YOHANA: Shilingi iondoke kwanza, Dada Rehema, kwa kuwa shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka 1921. Misafara ililipa kwa nguo, kama vile merikani na kaniki, pamoja na shanga na nyaya za shaba. Kwa bahati nzuri mtazamaji wa leo bado ananunua doti ya khanga, kwa hiyo "doti arobaini" haitamkwaza. Dakika nazo ziondoke, maana mjumbe yule hahesabu muda kwa saa ya mkononi. Tena majadiliano ya namna hiyo yaliweza kuchukua siku kadhaa, na kuharakisha kunaua mvutano wa tukio lenyewe.

REHEMA: Mimi ninaogopa zaidi neno "hongo". Ndilo neno la wakati ule kwa malipo ya kupita, lakini mtazamaji akilisikia atadhani mtemi ni mla rushwa.

YOHANA: Hapo ndipo usahihi unapoweza kupotosha. Wengine hukimbilia "ushuru wa forodha", na mtemi akawa karani wa bandarini. Mimi ningelibakiza neno, ila sentensi yenyewe ibebe sababu ya malipo: "Maji mliyokunywa ni ya visima vyetu, na ardhi mnayopita ni yetu. Hongo ya mtemi ni doti arobaini, na hamwondoki kabla hatujazipima." Kisha msomee mtu asiyeujua muswada, bila picha, umuulize kwa nini wageni wanadaiwa. Akijibu "maji na njia", sentensi imefaulu. Akijibu "rushwa", iandike upya.

REHEMA: Na lafudhi? Nimeona wazee wa Kigogo wakipewa Kiswahili cha mashairi ya Lamu ili wasikike wa kale.

YOHANA: Hilo silipendi hata kidogo. Wagogo wakiwa peke yao, Kiswahili chetu kinasimama mahali pa Kigogo, kwa hiyo kiwe chepesi na safi, bila "changamoto" wala "asilimia". Ladha ya pwani aachiwe kiongozi wa msafara, na kati yao awepo mkalimani.

REHEMA: Basi kiongozi ajibu, "Ishirini, na kati yake tano ni kaniki."

YOHANA: Vizuri, kisha mzee apime nguo kuanzia kiwikoni hadi ncha ya kidole, mara nane kwa kila doti. Mtazamaji ataona kipimo kwa macho yake, na hakuna mhusika atakayelazimika kukieleza.