Tangazo Linasema "Uzoefu Miaka Miwili": Mhitimu Mpya Aanzie Wapi?

Asanteni kwa kunikaribisha. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupokea vijana waliotoka chuoni jana: kupitia maombi yao, kuwasaili, kisha kukaa nao mezani wakijifunza kazi. Leo sitazungumzia mengi. Nataka tujifunze kusoma tangazo la kazi na kupima nafasi kabla hujaipa miezi ya maisha yako.

Nianze na binti mmoja, mhitimu wa takwimu, aliyenijia akiwa na daftari. Ndani yake alikuwa ameandika kila ombi alilotuma kwa miezi mitano. Yalikuwa 63. Majibu aliyopata ni mawili, yote ya kumshukuru na kumtakia kila la heri. Aliniuliza kama wasifu wake una kasoro. Nikamwambia wasifu tuuweke kando kwanza, tuyasome matangazo yenyewe, moja baada ya jingine.

Ilituchukua mchana mzima. Matangazo 41 yalitaka uzoefu wa miaka mitatu au zaidi, na ukisoma majukumu unaona wazi kwamba ni kweli wanautaka. Mengine 9 yalitoka kwa wakala yuleyule asiyemtaja mwajiri, maneno yaleyale yakirudiwa mwezi hadi mwezi. Yakabaki 13. Majibu yake mawili yote yalitoka katika hayo 13. Kwa hiyo binti huyu hakuwa ameomba kazi mara 63. Alikuwa ameomba mara 13, tena akiwa amechoka, kwa barua ileile moja.

Sasa tuangalie moja kati ya hayo 13. Lilisema: Msaidizi wa Takwimu, shahada ya kwanza, uzoefu wa miaka miwili. Majukumu: kuingiza na kuhakiki takwimu za madodoso, kuandaa majedwali ya ripoti ya kila mwezi, kuwasaidia wakusanyaji wa takwimu walioko uwandani. Ataripoti kwa Ofisa Takwimu Mwandamizi.

Wengi wenu mkifika kwenye "miaka miwili" mnafunga ukurasa. Mimi naanza kusoma kwenye vitenzi. Kuingiza, kuhakiki, kuandaa, kusaidia: hivi ni vitenzi vya anayeanza. Tangazo likisema kusimamia, kuidhinisha, kuongoza timu au kujadili mikataba, hapo anatafutwa mtu ambaye makosa yake ya mwanzo alishayafanya kwingine. Vitenzi ndivyo vinavyokuambia kazi ni ya ngazi gani. Ile miaka mara nyingi huandikwa ili kupunguza foleni ya waombaji. Ikiwa vitenzi ni vya anayeanza na miaka inayotakiwa ni mmoja au miwili, omba, ila onyesha mahali ulipowahi kufanya jambo hilohilo: kwenye utafiti wa mwaka wa mwisho, kwenye mafunzo kwa vitendo, au kwa kujitolea. Ikiwa ni mitano, waachie wenyewe.

Kuna mstari mwingine ambao vijana huuruka, ule wa "ataripoti kwa nani". Hapa kuna Ofisa Takwimu Mwandamizi. Maana yake yupo mtu anayeijua kazi hii, atakayeona kazi yako na kukurudishia. Tangazo likisema utaripoti moja kwa moja kwa mkurugenzi, wengine huona ni heshima. Kwa mhitimu mpya mimi naliona kama onyo, kwa sababu huenda wewe ndiye utakuwa idara nzima, na hakuna wa kukuonyesha ulipokosea.

Lakini nafasi nyingi za kuanzia hazitangazwi kabisa, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Yarudieni yale matangazo 41 ambayo binti wetu hakuyastahili. Tulirudi nayo, mara hii si ya kuomba. Shirika linalotafuta mtakwimu mwenye uzoefu wa miaka mitano linakupa habari: kazi ya takwimu imewazidi, na kuajiri mwandamizi huchukua miezi. Kwa muda wote huo madodoso yanaendelea kurundikana mezani kwa watu wachache. Mkuu wa kitengo hicho anahitaji mikono, ingawa hajatangaza nafasi ya msaidizi. Katika yale 41 tulipata mashirika 11 ya namna hiyo. Kwa kila moja tulitafuta jina la mkuu wa kitengo, kwenye tovuti yao au kwenye ripoti walizochapisha.

Binti aliandika barua pepe fupi. Nawasomea moja, maana urefu wake ni sehemu ya somo:

"Ndugu Mkuu wa Kitengo, nimeona mnatafuta Mtakwimu Mwandamizi. Mimi ni mhitimu wa takwimu, nafasi hiyo si ya ngazi yangu. Katika utafiti wangu wa mwaka wa mwisho nilisafisha madodoso 380 na kuandika hatua zote nilizofuata. Nimeambatisha kurasa mbili zinazoonyesha nilivyofanya. Kama kwa sasa kuna kazi ya kuhakiki au kupanga takwimu inayowachelewesha, naomba nafasi ya mafunzo tarajali ya miezi mitatu. Nipo tayari kufanya jaribio dogo kwanza."

Imeishia hapo. Hakuna "mchapakazi", hakuna "nafanya kazi chini ya shinikizo". Kuna 380, na kuna kurasa mbili ambazo mtu anaweza kuzifungua akaona kama unajua kusafisha takwimu au hujui. Katika barua 11 alijibiwa nne. Wawili walisema hawana nafasi, wawili wakamwita.

Kabla sijafika kwenye wito huo, niseme neno kuhusu kufahamiana, kwa sababu najua kuna aliyekwisha kukata tamaa kwamba bila mjomba ofisini hakuna kazi. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha matokeo ya mahojiano na watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Aliwauliza walikuwa wakionana na mtu huyo mara ngapi. Takriban asilimia 17 tu walisema mara kwa mara. Asilimia 56 walisema mara mojamoja, na asilimia 28 kwa nadra. Sababu inaeleweka: wa karibu yako wanajua yaleyale unayoyajua, na anayepita mbali kidogo amesikia ya kwingine. Wale waliohojiwa walikuwa watu wenye kazi tayari, kwa hiyo tusiyabebe matokeo hayo mazima mazima. Lakini kila mhitimu anao watu wa namna hiyo, nao ni waliomtangulia chuoni kwa mwaka mmoja au miwili. Usimwombe kazi, kwa kuwa hana ya kukupa. Muulize: ofisini kwenu, msaidizi wa mwisho aliingiaje? Swali hilo analiweza, na jibu lake hulipati kwenye tangazo lolote.

Turudi kwa binti. Nafasi mbili zilikuwa mezani. Ya kwanza ni shirika kubwa lenye jina, miezi sita, bila malipo. Ya pili ni kampuni ndogo ya utafiti, miezi mitatu, posho inayotosha nauli na chakula cha mchana. Nyumbani walimsukuma kwenye jina kubwa, na siwalaumu. Mimi nilimwomba aulize kote maswali matatu: Nani atakagua kazi yangu, na kila baada ya muda gani? Kufikia wiki ya kumi na mbili nitakuwa nimekamilisha nini? Waliokaa nafasi hii kabla yangu wako wapi sasa?

Shirika kubwa lilijibu kwamba atazunguka idara mbalimbali na kusaidia "pale atakapohitajika". Waliotangulia hawakukumbukwa. Kampuni ndogo ilisema atakaa na mchambuzi mmoja, kazi itakaguliwa kila Ijumaa, na ataandaa majedwali ya uchunguzi mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kati ya watatu waliomtangulia, mmoja alibaki hapo, mmoja aliajiriwa na mteja wao, mmoja alirudi chuoni. Angalieni, majibu ya pili hayana ahadi ya ajira. Yana mtu, siku na kazi inayotajika. Anayejua atakufundisha nini hujibu hivyo bila kutafakari sana. Anayekwepa swali la kwanza kwa upole, hata la tatu atalikwepa.

Simaanishi kwamba isiyolipa ni mbaya daima. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi wanaofanya intanshipu kwake, na bado wapo wanaofaidika nayo. Lakini fanyeni hesabu mapema: nauli, pango na chakula kwa miezi yote, na nani analipa. Kama hesabu inaishia mwezi wa tatu na nafasi ni ya miezi sita, utaondoka katikati bila kazi iliyokamilika ya kuonyesha, na hilo ni baya kuliko kutoanza.

Mfano huohuo una jambo jingine la kuangalia, nalo ni muda. Kwa waliokwisha kuhitimu, intanshipu ya Sekretarieti lazima ianze ndani ya mwaka mmoja tangu kuhitimu. Zipo programu nyingine nyingi zenye ukomo kama huo. Nimeona kijana mzuri akiomba nafasi iliyomfaa kabisa katika mwezi wa kumi na nne. Kwa hiyo, katika miezi ya kwanza, tangulizeni zile ambazo mlango wake utafungwa, na zile zisizo na ukomo zifuate.

Na mkiombwa pesa, ondokeni. Ada ya fomu, ada ya mafunzo ya lazima kabla ya kuanza, ada ya "kufungua faili", zote ni hilohilo. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mtafuta kazi ada, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Mkataba unaruhusu nchi kuweka vighairi kwa makundi fulani, lakini mwajiri wa kweli anayekuhitaji hana sababu ya kukuuzia kiti. Yale matangazo 9 ya wakala asiyemtaja mwajiri? Binti alipopiga simu, swali la kwanza aliloulizwa ni kama ana pesa ya usajili.

Alichagua kampuni ndogo. Ijumaa ya kwanza jedwali lake lilirudi na alama nyekundu sehemu kumi na saba. Ijumaa ya nane, mbili. Sasa anatuma maombi matatu kwa wiki, na kila moja linaambatana na jedwali ambalo mteja halisi alilipokea.

Nimeona baadhi yenu mmekuja na matangazo kama nilivyoomba. Yaleteni hapa mbele. Tuanze na la kwanza, na kabla hamjaangalia miaka, nisomeeni vitenzi.