Tokeni Haina Habari Kwamba Meneja Ameachishwa Kazi

Naomba tuanze na namba mbili mnazokutana nazo kila siku: 401 na 403. Seva ikijibu 401 inasema, sijakutambua, jitambulishe kwanza. Ikijibu 403 inasema, nimeshakujua, ila hili huruhusiwi. Jina rasmi la 401 ni `Unauthorized`, na limewapotosha wengi, maana kosa lenyewe ni la uthibitishaji, si la uidhinishaji. Sitakaa hapo. Shikeni tofauti moja tu: jibu la "huyu ni nani" halibadiliki ovyo, lakini jibu la "anaruhusiwa nini" linaweza kugeuka dakika yoyote. Ninachopigania ni kwamba tusiyafunge majibu yote mawili pamoja, tukayatia sahihi, kisha tukamkabidhi mtumiaji aondoke nayo.

Tazameni kilichomo ndani ya tokeni ya JWT, kitambulisho chenye sahihi ambacho seva humpa mtumiaji anapoingia:

```json
{"sub":"4172","role":"meneja",
 "iat":1767254400,"exp":1767340800}
```

Toeni `iat`, wakati tokeni ilipotolewa, kwenye `exp`, wakati muda wake unapokwisha: sekunde 86400, yaani saa 24. Tuseme mtumiaji 4172 ameingia saa 2:00 asubuhi. Saa 2:20 anaachishwa kazi, na msimamizi anaifunga akaunti yake kwenye hifadhidata. Saa 2:21 anaomba ripoti ya mishahara. Seva inakagua sahihi kwa ufunguo wake: ni halali. Inatazama `exp`: bado. Inasoma `role`: meneja. Ripoti inatoka na 200. Kila hatua imefanya kazi yake sawasawa, ila hakuna hata moja iliyogusa hifadhidata, na hali itabaki hivyo kwa saa 23 na dakika 39.

Kwa kikao cha seva mambo ni mengine. Kuki imebeba namba ya kubahatisha tu, biti 128 au zaidi, isiyo na maana yoyote kwa aliyenayo. Maana iko kwenye safu iliyo upande wa seva. Futa safu za 4172, na ombi lake linalofuata linapata 401.

Najua mtakachosema. "Akitoka, tunaifuta tokeni kwenye kivinjari." Mnafuta nakala moja. Aliyeinakili kabla bado anayo, na sahihi yake ni ileile. "Basi tubadilishe ufunguo wa kusaini." Hapo mmemtoa 4172 pamoja na watumiaji wengine wote, na kila mmoja atarudi kwenye ukurasa wa kuingia kwa wakati mmoja. "Tuweke orodha ya tokeni zilizobatilishwa, kwa `jti`, namba ya pekee ya kila tokeni." Inawezekana, lakini tokeni zote za mtu huyu mnazijua? Ameingia kwa simu na kwa kompyuta mbili, na kama hamkuziandika `jti` mlipozitoa, hamna cha kuweka kwenye orodha. Njia iliyo imara zaidi ni kuandika kwa kila mtumiaji wakati mmoja tu: tokeni yoyote ya 4172 ambayo `iat` yake haizidi wakati huo, ikataliwe. Rekodi hiyo ikae mpaka tokeni ya mwisho ya zamani ipitwe na muda wake. Kama `iat` yenu ni ya sekunde nzima, atakayeingia upya ndani ya sekunde ileile atakataliwa pia, kwa hiyo msishangae jaribio la kiotomatiki likishindwa hapo.

Sasa angalieni tulipofika: kila ombi linakwenda kuuliza ghala la seva. Hicho ndicho tulichokuwa tunakikimbia tulipoacha vikao! Na kama ombi hilohilo litasoma hifadhidata ili kutoa ripoti, kusoma safu moja zaidi kwa ufunguo wake wa msingi kulikuwa mzigo gani?

Wapo wanaotumia tokeni ya dakika 5 pamoja na tokeni ya kuhuisha iliyohifadhiwa kwenye seva. Hilo ninalikubali, kwa sharti moja. Wakati wa kuhuisha, `role` isomwe upya kutoka hifadhidata. Msimbo unaonakili `role` ya tokeni ya zamani humfanya meneja awe meneja milele, dakika 5 kwa dakika 5. Pia, mkiruhusu tofauti ya saa kati ya seva, mfano sekunde 60, dirisha lenu ni dakika 6.

Muda unanibana, tokeni kati ya huduma na huduma nitaziacha. Lakini kabla hamjaniambia mfumo wenu uko salama, ingieni kwa akaunti ya majaribio, nakilini tokeni, ifungeni akaunti, kisha:

```
curl -i -H "Authorization: Bearer $TOKENI" \
  https://api.example.com/ripoti
```

Rudieni kila dakika moja na andikeni ni lini 200 ilikoma. Kisha rudieni jaribio lote bila kuifunga akaunti, mkimshusha cheo tu: hapo jibu sahihi ni 403, na mifumo mingi inayofaulu jaribio la kwanza huangukia hapa.