Arobaini na Sita Ipi?

(Mazungumzo na wakulima, yaliyofanyika kwenye ghala la chama cha msingi katika kijiji kimoja cha Masasi, mkoani Mtwara. Yameandikwa kama yalivyosemwa.)

Shikamooni wazee. Mama zangu, ndugu zangu, habari za shamba? Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu nusu ya watu waliomo humu ndani wameshalisikia kwa upande wa pili.

Msimu uliopita, mwezi wa pili, mama mmoja wa hapa alinitumia picha kwenye simu. Mfuko wa mbolea umeegemea ukuta, sehemu ya juu imekunjwa, na kilichoonekana vizuri ni namba moja tu: 46. Akauliza, "Mwanangu, mahindi yamefika magotini. Hii ndiyo ya kukuzia?" Nilikuwa juu ya pikipiki. Nikaona 46, nikajibu, "Ndiyo mama, hiyo ni Urea, weka." Akaweka. Kumbe ilikuwa DAP, mbolea ya kupandia.

Namba za mfuko ni tatu, na zinasomwa kwa kufuata nafasi zake. Ya kwanza ni naitrojeni, ya kati ni fosforasi, ya mwisho ni potasiamu. Mpangilio huo haubadiliki, awe nani aliyetengeneza. Urea huandikwa 46-0-0. DAP huandikwa 18-46-0. Arobaini na sita ipo kwenye mifuko yote miwili, ila kwenye Urea imekaa mwanzo na kwenye DAP imekaa katikati. Kwa hiyo ukienda dukani ukasema "nipimie ile ya arobaini na sita", umetaja mbolea mbili kwa mpigo.

Namba hizo ni asilimia za uzito. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una nusu ya 46, yaani kilo 23 za naitrojeni. Mfuko wa DAP una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za fosforasi. Mzee pale anatikisa kichwa, najua anachotaka kuuliza: "Na kilo zilizobaki ni mchanga?" Hapana, baba. Naitrojeni peke yake ni hewa, huwezi kuifunga kwenye mfuko ukaibeba kwa baiskeli. Ndani ya Urea imeshikamana na kaboni, oksijeni na haidrojeni, na hizo nazo zina uzito wake. Hata ile 46 ya DAP si fosforasi tupu. Kwa desturi ya biashara ya mbolea hupimwa pamoja na oksijeni yake, ikiandikwa P2O5. Fosforasi yenyewe ndani ya mfuko ule ni kama kilo 10 tu. Kwa kupanda mahindi hilo halikusumbui. Litakusumbua siku ukipima udongo, karatasi ya maabara ikataja fosforasi tupu, nawe ukailinganisha na namba ya mfuko moja kwa moja.

Turudi kwa mama yetu. Shamba lake ni robo eka, mita 25 kwa 40. Amepanda sentimita 75 mstari kwa mstari, 60 shimo kwa shimo, miche miwili kila shimo. Hayo ni mashimo kama 2,200. Wakati wa kupanda alitumia DAP kilo 12 na nusu, yaani robo ya mfuko, kizibo kimoja cha soda kila shimo. Akafunika kwa udongo kidogo, ndipo akaweka mbegu. Hapo hakukosea chochote. Mzizi mchanga haufiki mbali, na fosforasi nayo haitembei udongoni, inakaa palepale ulipoiweka. Ndiyo maana DAP huenda chini, karibu na mbegu, siku ya kupanda. Ukiona mahindi madogo yana majani ya zambarau, mara nyingi ni hiyo fosforasi inakosekana.

Sasa ile kilo 12 na nusu ya pili, niliyoiidhinisha mimi. Ingekuwa Urea, mahindi yangepata kilo 5 na robo tatu za naitrojeni. Kwa kuwa ilikuwa DAP, yalipata kilo 2 na robo. Fosforasi yake yote ikabaki juu juu ya udongo, mahali ambapo mizizi haina haja nayo. Pesa yake ya fosforasi mara mbili, njaa ya naitrojeni palepale.

Baada ya wiki mbili hivi akaniita. Majani ya chini yalikuwa yameanza njano kutoka kwenye ncha, njano inashuka katikati ya jani kama ncha ya mkuki. Hiyo ni naitrojeni. Mmea ukikosa, huinyang'anya kwenye majani ya zamani ukapeleka kwa machanga. Njano ikipita pembezoni mwa jani badala ya katikati, mtuhumiwa ni potasiamu. Nikaomba kuuona mfuko wenyewe. Tukaukunjua: 18-46-0. Nikakaa chini.

Bahati, mbelewele zilikuwa bado hazijatoka na mvua ilikuwa inaendelea. Pengo lilikuwa kilo 3 na nusu za naitrojeni. Gawanya kwa 0.46, unapata Urea kilo 7 na nusu hivi. Nusu ya gharama nililipa mimi, mseme mtakavyo. Tuliweka kizibo kisichojaa kila shimo, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu, tukafukia. Urea ikiachwa wazi juani sehemu yake hupotea hewani. Na kwa udongo wetu huu wa kichanga, mvua kubwa huizamisha chini mizizi isiifikie. Ndiyo maana ni bora kugawa mara mbili: magotini, halafu kabla ya mbelewele. Yalirudi kuwa kijani, ila hayakufikia ya jirani.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Ukitia Urea shimoni pamoja na mbegu, inatoa amonia inayounguza chipukizi. Utasema mbegu ni feki kumbe mbolea imekosewa mahali.

Kwa hiyo picha ya mfuko mnipigie hivi: ukunjueni wote, namba tatu zionekane pamoja na uzito. Ukipimiwa kwa kilo, piga picha ya mfuko uliochotewa kabla hujaondoka dukani. Rangi ya punje si ushahidi.

(Swali: Mbona DAP na Urea zote mwisho ni sifuri?)

Umeona vizuri, shemeji. Ukitumia hizo mbili tu kila mwaka, hakuna potasiamu unayorudisha. Sehemu kubwa ya potasiamu ya mahindi hubaki kwenye mabua, si kwenye punje. Ukiyachoma, majivu yanapeperuka au kusombwa na maji. Yalaze kati ya mistari. Mahindi yakianza kuonyesha ile njano ya pembezoni, ndipo utafute mfuko wenye namba ya tatu, kama 17-17-17.

(Swali: Mfuko wangu una 21-0-0, kisha 24S. Hiyo S ni salfa ya mikorosho?)

Ni salfa, ndiyo, ila kazi ni tofauti. Ile ya mikorosho tunapulizia majani na maua kuzuia ubwiriunga. Hii ya kwenye mfuko, ambao ni SA, yaani salfeti ya amonia, imo katika umbo ambalo mzizi unaweza kuinywa. Tahadhari moja: zote mbili huongeza uchachu wa udongo. Kama mahindi yako yako katikati ya mikorosho iliyopuliziwa salfa miaka mingi, chukua Urea, uiache SA dukani, na upime udongo kabla ya kununua DAP nyingi, kwa sababu udongo mchachu hukamata fosforasi ukaing'ang'ania.