Video ya ajali kwa ajili ya bima: kata nakala, orijino usiiguse

Habari zenu. Hii hapa mkononi mwangu ni kadi ya memori, ndogo kama ukucha. Imetoka kwenye kamera ya dashibodi ya IST ya dada mmoja aliyegongwa kwa nyuma na pikapu pale Africana, Barabara ya Bagamoyo, jioni ya Jumanne tarehe 11 Machi 2025. Ameniruhusu niitumie kuwaonyesha namna ya kuandaa video ya kupeleka bima.

Dada anasema alisimama kwenye zebra kupisha watu. Mwenye pikapu anasema dada alikanyaga breki ghafla, bila sababu yoyote. Kamera inatazama mbele tu, kwa hiyo pikapu haionekani hata kidogo mpaka gari linaporuka. Kumbe video inafaa bado, kwa sababu ugomvi wenyewe uko mbele ya gari: je, kulikuwa na watu kwenye zebra, na gari lilipunguza mwendo kuanzia wapi?

Tuanze na kadi, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu. Kamera hizi zinarekodi vipande vifupi vya dakika moja, tatu au tano. Kadi ikijaa, kamera inafuta kipande cha zamani kabisa na kuandika kipya juu yake. Nyingi zina kihisio cha mshtuko: gari likipigwa, kipande cha wakati huo kinafungwa kisifutwe na kuwekwa kwenye folda yake, mara nyingi inaitwa EVENT au RO. Usikitegemee sana. Kinaweza kisishtuke kabisa kama kishindo ni kidogo, na kikishtuka mara nyingi kinafunga kipande kimoja tu. Kilichotangulia na kilichofuata vinabaki kwenye foleni ya kufutwa, na ukiendelea kuzunguka na gari siku mbili tatu vimekwenda.

Kwa hiyo mkishamalizana na trafiki, zima kamera kwanza, ndipo uchomoe kadi. Ukichomoa huku inarekodi, faili la mwisho linaweza kugoma kufunguka. Kamera iwekee kadi nyingine. Hii ya ajali hairudi tena kazini.

Sasa naiweka kwenye adapta hii kubwa. Mnaona kiswichi kidogo ubavuni? Kishushe upande ulioandikwa Lock. Hapo kwa kawaida kompyuta itasoma tu, haitaandika kitu. Nasema hivi kwa sababu Windows ina tabia ya kuacha folda yake kwenye kadi unayoichomeka bila wewe kujua, na wakati mwingine inakuuliza kama iikague na kuirekebisha kadi. Ikiuliza, kataa. Usirekebishe chochote, usibadilishe jina la faili, usifute hata zile video za foleni ya Mwenge.

Nakopi folda nzima, siyo faili moja. Nakala moja inakaa kwenye kompyuta, ya pili kwenye flashi. Halafu kadi inaingia kwenye bahasha, naandika juu yake tarehe ya ajali, namba ya gari na siku niliyoitoa kwenye kamera. Kuanzia sasa kila ninachofanya nafanya kwenye nakala.

Kabla ya kukata, nachukua alama ya kidole ya faili. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda ya nakala, uandike hivi:

```
certutil -hashfile 20250311_184003.MP4 SHA256
```

Inakuletea mstari wa herufi na namba 64. Ukibadilisha kitu kidogo tu ndani ya faili, hata fremu moja, mstari wote unakuwa mwingine. Basi mtu wa bima akija kuuliza baada ya miezi mitatu kama video imechezewa, mnapiga amri ileile kwenye faili la kwenye kadi na mstari uleule unatoka. Nakili mstari huo kwenye karatasi ya maelezo, tutaifikia.

Sasa saa. Hapa naomba mtulie kidogo, maana ndipo madai mengi yanapoingia utata bila mtu kudanganya.

Tazameni chini ya picha: gari linaporuka, kamera inasoma 18:42:41. Fomu ya polisi imeandika saa 12:50 jioni. Ukizisoma haraka unaona namba mbili tofauti kabisa. Tofauti kubwa ni ya lugha tu: 18:50 ya kamera ndiyo saa kumi na mbili na dakika hamsini yetu. Lakini bado dakika saba na ushee hazionekani. Dada alipokuja kesho yake tulifanya kitu kimoja rahisi: tuliwasha kamera, tukaiweka sambamba na simu yenye saa ya mtandao, na kwa simu ya pili tukarekodi vioo vyote viwili kwa sekunde ishirini, mpaka dakika ikabadilika. Kamera ilikuwa nyuma kwa dakika saba kamili. Kwa hiyo aligongwa saa 18:49:41, na askari aliyekadiria 12:50 hakukosea.

Msirekebishe saa ya kamera kabla ya kurekodi tofauti hiyo. Mkishairekebisha, ushahidi wa kwamba ilikuwa nyuma umepotea, na mnabaki na maneno matupu. Na msijaribu kuweka saa sahihi juu ya picha kwa programu ya kuhariri. Acheni kosa lionekane, mlieleze kwenye karatasi.

Dada alipiga pia video kwa simu baada ya kushuka. Ya simu haina saa juu ya picha. Saa imefichwa ndani ya faili. Nikiifungua kwa programu ya MediaInfo, inasema ilirekodiwa 15:55. Dada alishtuka: "Kaka, saa tisa na dakika hamsini na tano mchana nilikuwa ofisini!" Ni kweli. Simu nyingi zinaandika ndani ya faili saa ya kimataifa, UTC, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele kwa saa tatu. Ongeza tatu, unapata 18:55, dakika tano na sekunde chache baada ya kugongwa. Hilo nalo linaingia kwenye karatasi, vinginevyo kuna mtu ataliona na kudhani kakamata mwongo.

Haya, kukata. Faili letu lina dakika tatu, kuanzia 18:40:03 ya kamera, na kishindo kinatokea dakika 2 na sekunde 38 ndani yake. Dada alitaka tuanzie kwenye kishindo. Nilimkatalia. Klipu inayoanza na kishindo inaonyesha tu kwamba gari limetikisika. Haijibu hoja ya mwenye pikapu hata kidogo. Tunarudi nyuma sekunde 48, mpaka dakika 1 na sekunde 50. Hapo tunaona gari linakuja kwa mwendo wa kawaida, watu wawili wanaingia kwenye zebra, linapunguza taratibu, linasimama. Linakaa limesimama sekunde nne nzima. Ndipo picha inaruka. Zile sekunde nne ndizo kesi yote: mtu aliyekufuata kwa karibu mno angekugonga papo hapo ulipokanyaga breki, lakini huyu alikuwa na muda wa kukuona umesimama.

Natumia programu ya ffmpeg, kwenye Command Prompt ileile:

```
ffmpeg -ss 00:01:50 -i 20250311_184003.MP4 -c copy klipu_1.mp4
```

Cha kushika hapo ni `-c copy`. Maana yake picha haitengenezwi upya, inahamishwa kama ilivyo, kwa hiyo ubora ni uleule na maandishi ya saa hayafifii. Programu nyingi za simu zinazokata video huitengeneza upya, na ndipo namba ya gari iliyokuwa inasomeka inageuka ukungu. Klipu yako inaweza kuanza sekunde moja au mbili kabla ya pale ulipotaja, kwa sababu ukataji wa namna hii unaanzia kwenye fremu iliyokamilika ya karibu nyuma yake. Acha hivyo hivyo.

Mwisho sikuuweka, inakwenda mpaka faili linapoisha. Yanayofuata yako kwenye faili la pili, pale mwenye pikapu anapofika dirishani na kusema, "Dada samahani, nilikuwa naangalia pembeni." Nalo nalikata kivyake, klipu ya pili. Siziungi. Kati ya faili moja na lingine kamera hizi zinaweza kuruka sekunde moja, na ukiunga, mruko huo utaonekana kama umetoa kitu katikati.

Sauti nayo ibaki. Dada aliona aibu, kuna neno lilimtoka baada ya kishindo. Ukizima sauti unapoteza samahani ya mwenye pikapu pamoja na hilo neno. Wala usipunguze kingo za picha.

Klipu itakuwa na alama yake ya kidole, tofauti na ya orijino. Ni kawaida. Pia kama kamera yako inahifadhi mahali na mwendo kwa GPS, data hizo zinaweza kubaki nyuma unapokata. Ndiyo maana bima unaipelekea klipu pamoja na mafaili mazima. Klipu ni ya kumrahisishia anayeangalia.

Karatasi ya maelezo iwe ukurasa mmoja: nani alirekodi, kwa kamera gani, kadi ilitolewa lini na nani, majina ya mafaili na mistari yake ya herufi 64, kamera iko nyuma dakika saba, simu inaandika UTC, klipu zimekatwa kuanzia wapi. Weka sahihi. Kama mambo yakifika mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaangalia haya haya: kumbukumbu ilitengenezwaje, ilitunzwaje, na kama imebaki nzima.

Kutuma: usiitume WhatsApp kama video ya kawaida, inabanwa na saa iliyofichwa ndani inaweza kupotea. Bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Document, ndipo uchague faili. Mimi napendelea flashi mkononi, na mpokeaji asaini kwenye nakala yako ya karatasi kwamba amepokea mafaili mangapi. Kadi usimpe. Akitaka kuiona, nenda nayo, aisome mbele yako kiswichi kikiwa chini, urudi nayo.

Ikae kwenye bahasha mpaka dada alipwe, na upande wa pikapu uwe umefungwa kabisa.