Nimeacha Kupeleka Chakula Jumanne Mpaka Alhamisi: Hesabu Hii Hapa

Habari za huko nyumbani, jamani. Leo nipo kwenye maegesho hapa Houston. Wengi mmeuliza mbona siku hizi hamnioni na lile begi jekundu la chakula. Nimepunguza, karibu niache kabisa.

Mnajua boksi langu kuu ni nyumba ya wazee. Nikitoka huko, Jumanne mpaka Alhamisi nilikuwa naingia barabarani kwa muda wa saa nne kila jioni, Ijumaa kwa muda wa saa tatu. Jumla saa 15 kwa wiki. Programu ya simu inayonipa oda ilinionyesha dola 210, bakshishi ikiwemo, na ikasema nimefanya kazi saa 10. Dola 21 kwa saa! Nikamtambia hadi mama watoto.

Aliyenizindua ni binamu yangu, dereva wa bodaboda Mbagala. Nilimpigia kumsimulia, akaniuliza, "Kaka, hesabu ya tajiri unapeleka shilingi ngapi?" Nikacheka, nikamwambia gari ni langu. Akasema, "Basi tajiri ni wewe, na hujilipi." Simu ilikatika, ila maneno yale yalibaki.

Nikanunua daftari. Kila nikitoka mlangoni napiga picha mita ya maili, nikirudi napiga tena, na naandika saa ya kutoka na ya kurudi. Nilifanya hivyo wiki nane, maana wiki moja inadanganya: mvua ikinyesha watu wanaagiza sana, unajiona tajiri.

Kwanza zile saa 10. Programu ilikuwa inahesabu tangu nipokee oda mpaka nikabidhi chakula. Kule kukaa nje ya mgahawa nikisubiri simu ilie, na kurudi mtupu kutoka mtaa wa mbali, hakuhesabiwi. Maili vilevile: kwa wiki wao waliandika 120, mita yangu ikasema 190.

Sasa tukate. Petroli dola 21. Halafu ile hesabu ya tajiri, yaani oili, matairi, breki, na gari lenyewe kushuka bei: nimeweka senti 20 kwa maili, dola 38. Na hapo nimejihurumia, kwa sababu gari langu ni la zamani, limeshashuka bei sana. Mamlaka ya kodi ya hapa, IRS, kwa mwaka 2025 iliruhusu kukata senti 70 kwa maili, petroli ikiwa humo humo. Ukikata hizo, faida inayotozwa kodi inabaki dola 77, na kwenye hiyo kodi ya kujiajiri na kodi ya mapato zinakula kama dola 20. Kodi hii hakuna anayekukata njiani, unaitafuta mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilikuwa nimeshaituma nyumbani yote, tuyaache hayo.

Inabaki dola 131. Gawa kwa saa 15: dola 8 na senti kama 70.

Kule kwa wazee nalipwa dola 18. Nikipita saa 40 kwa wiki, sheria inataka nilipwe mara moja na nusu, dola 27, na baada ya makato naondoka na kama 21 na nusu. Kwa hiyo saa sita za ovataimu zinaniletea kilekile ninachokimbizana nacho saa 15 barabarani. Na gari limelala.

Lakini ovataimu haipo kila wiki, ndiyo maana sikulitupa begi. Nilijiwekea kiwango kabla sijafungua daftari, nisije nikakipindisha: dola 12 kwa saa baada ya kutoa kila kitu. Chini ya hapo, nalala. Halafu nikagawanya hesabu kwa siku. Jumanne haikufika hata dola 6. Jumatano na Alhamisi zilicheza kwenye 8. Ijumaa, saa kumi na mbili mpaka saa tatu usiku, ilitoa 14. Kumbe siku moja ilikuwa inazibeba tatu mgongoni, na mimi naangalia jumla tu.

Kilichoniumiza kuacha ni begi na kile kishikio cha simu, nilitumia dola 60. Pia nilikuwa na alama nzuri za wateja. Lakini dola 60 zilishatoka, nikizunguka Jumanne hazirudi.

Na wanafunzi mnaokuja kwa viza ya F-1, mkiona video hii msiseme mtajaribu. Viza hiyo haikupi ruhusa ya kibarua cha aina hii, mnaweza kupoteza masomo. Wenye vibali, piga simu bima yako kwanza. Bima nyingi za gari la kawaida hazilipi ukigonga ukiwa umebeba chakula cha watu.

Ijumaa hii msimamizi hajatangaza ovataimu. Mtanikuta barabarani, saa tatu narudi nyumbani.