Namba ya mtu sio yako kuigawa

Asanteni sana, karibuni tukae. Leo nimeombwa niongelee makosa ya kujenga mtandao wa watu, yale yanayokuchafulia jina, na yako mengi kweli lakini mi naomba tukae na moja tu, hili la kumwingiza mtu kwenye grupu la WhatsApp bila kumuuliza, alafu mwishoni nitagusa kidogo habari ya kutagi. Nimelichagua kwa sababu karibu kila mtu humu ndani ameshafanyiwa, na wengi wetu, mimi nikiwemo, tumeshawafanyia wengine na hatukuona ubaya wake.

Kuna jamaa niliwahi kufanya naye kazi, kijana mzuri, anafundisha wafanyabiashara wadogo namna ya kutunza mahesabu. Akaamua kuanza madarasa yake mwenyewe. Siku hiyo jioni akafungua grupu, akaanza kutiki majina kwenye simu yake moja baada ya jingine, wateja wa zamani, watu aliosoma nao, bosi wake wa zamani, fundi, daktari wa mtoto wake, wakafika 214. Akaweka picha nzuri, akaandika tangazo refu la darasa, akalala. Nia yake haikuwa mbaya hata kidogo, alitaka watu wajue tu.

Sasa kati ya wale 214 kulikuwa na dada mmoja ambaye aliacha kazi mahali fulani kwa sababu ya mwanaume aliyekuwa anamsumbua, akabadilisha namba, namba mpya akawapa watu wachache sana. Jamaa yetu alikuwa mmoja wa hao wachache kwa sababu alikuwa anamsaidia mahesabu ya duka lake. Na yule mwanaume naye alikuwa humohumo kwenye simu ya jamaa. Unaona inakoelekea. Ukimwingiza mtu kwenye grupu la kawaida, namba yake inaonekana kwa kila aliyemo, hata asiponena neno, na kama hajaficha picha yake na jina aliloandika kwenye akaunti basi na hivyo vinaonekana. Yule mwanaume alifungua orodha ya memba, akashuka nayo taratibu, akaona picha. Kabla hakujakucha dada ameshapata meseji, "kumbe ndo namba yako hii".

Jamaa alipopigiwa simu na dada analia, alifanya kile ambacho wengi wangefanya, akawatoa watu wote akafunga grupu. Haikusaidia. Aliyekwisha seivu namba ameshaiseivu, na ukimtoa mtu kwenye grupu yale mazungumzo yanabaki kwenye simu yake mpaka ayafute mwenyewe. Dada akabadilisha namba mara ya pili, na safari hii jamaa hakupewa.

Naomba mlione hili vizuri. Watu wanadhani ubaya wa kuingiza mtu kwenye grupu ni kelele, meseji nyingi, simu kulia. Kelele mtu anaweza kuinyamazisha. Ubaya wenyewe ni kwamba umechukua namba aliyokupa wewe, kwa shida yake na wewe, ukaigawa kwa watu mia mbili asiowajua. Alikuamini na kitu kidogo hukukitunza, atakupaje kikubwa? Na kuna wengine mnaniambia, lakini mimi niliseti admini peke yake ndo anaandika. Sawa, umezuia kelele, ila orodha ya memba bado iko wazi na namba zote zinasomeka.

Tatizo la pili ni kwamba hutajua kama umeharibu. Zamani mtu akitoka kwenye grupu wote mnaona ametoka, mnashtuka mnajiuliza kulikoni. Tangu 2022 mtu anatoka kimyakimya, anayejulishwa ni admini tu, na ukitaka kuwaona waliotoka inabidi uingie kwenye taarifa za grupu ukaangalie, wanaonekana kwa siku 60 tu. Na wengi hata hawatoki, wanaona aibu, wanalinyamazisha na kulificha. Mwingine anaripoti, na akiripoti meseji tano za mwisho zinaenda kwa WhatsApp, wewe huambiwi kitu, wakizidi akaunti yako inaweza kufungiwa na namba yako ya kazi ndo hiyo imeenda. Unakaa unashangaa mbona siku hizi watu hawanipi kazi, hawaniunganishi na mtu, na hakuna atakayekuambia ni kwa sababu ya lile grupu.

Ufanye nini sasa. Muulize mtu kwanza, mmojammoja, kwa meseji ya kwake. Sio ile ya kukopi na kubandika, mwandikie kwa jina lake: "Habari, naanza darasa la mahesabu jumatatu, kuna grupu la watu kama thelathini, memba wataona namba yako, nikutumie linki?" Hiyo sehemu ya memba kuona namba usiiruke, ndo ruhusa yenyewe ilipo. Akikaa kimya amekataa, usimkumbushe mara tatu. Linki yenyewe washa ile sehemu ya admini kuidhinisha wanaoingia, maana linki inasambaa, mtu anamrushia rafiki yake na rafiki anairusha mbele.

Na jiulize kama unahitaji grupu kweli. Kama unachotaka ni kutangaza tu na watu hawahitaji kuongea wao kwa wao, kuna orodha ya kutuma kwa wengi, inabeba watu 256, kila mmoja anapata kama meseji ya kwako tu na akijibu anakujibu wewe peke yako. Ina kitu kimoja ninachokipenda sana, aliyeseivu namba yako ndo anapata, asiyeseivu haimfikii. Wengine wanaona ni kasoro hiyo, mimi naona ni sahihi kabisa. Au fungua chaneli, huko wafuasi hawaonani namba.

Kwa upande wako wewe kama unaingizwaingizwa, nenda Mipangilio, Faragha, Makundi, chagua anwani zako tu, au anwani zako isipokuwa hawa na hawa. Aliyezuiwa hawezi kukusukuma ndani, itabidi akutumie mwaliko, na mwaliko unakufa baada ya siku 3 usipoukubali.

Kutagi nako ni uleule mchezo wa kutumia jina la mtu bila yeye kujua. Facebook ukimtagi mtu kwenye posti ya marafiki zako, kwa kawaida marafiki zake nao wanaweza kuiona, yani umemfanya atangaze biashara yako mbele ya wakwe na bosi wake. Na kwenye grupu la WhatsApp ukimtaja mtu kwa @ simu yake inaweza kulia hata kama alilinyamazisha grupu, sasa mtu anawataja hamsini saa tano usiku kwa ajili ya tangazo. Mtaje mtu pale ambapo posti inamhusu yeye, alikuwepo, kazi ni yake, swali ni lake, na kama ni picha muonyeshe kwanza.

Yule jamaa alianza upya. Aliwaandikia watu mmojammoja wiki mbili nzima, wengi hawakujibu, waliokubali walikuwa 38. Darasa la kwanza lilijaa kutoka kwa hao hao 38. Kwa yule dada alituma ujumbe wa kuomba msamaha kupitia ndugu yake, hakuomba namba, na mpaka leo hajapata jibu.

Haya, maswali, nyie wa nyuma kule anzeni.