Kufunga antena ya paa Mikindani: kuilenga mnarani na kuipeleka ethi

Habari zenu, karibuni. Leo nipo Mikindani, nyumbani kwa mama mdogo, bondeni kabisa karibu na maji. Ukisimama uani unaona kilima nyuma na minazi ya jirani mbele. King'amuzi chake ni cha antena, si cha dishi, na antena ya ndani aliyokuwa anatumia ilimwonesha picha inayokatika vipande vipande kila jioni. Tunamfungia ya nje, ile ndefu yenye vijiti.

Kabla sijapanda ngazi, tazama juu pamoja nami. Nyaya za umeme zinapita wapi? Za hapa ziko upande wa barabara, kwa hiyo mlingoti nitausimamisha upande wa pili, mahali ambapo hata ukianguka wote hauwezi kuzigusa. Kama kwako hakuna sehemu ya namna hiyo, usifunge. Nyumba ya makuti nayo usiiwekee antena juu ya paa, kwa sababu cheche moja inatosha kuiwasha. Simika nguzo pembeni, mbali na makuti.

Mlingoti wangu ni bomba la chuma la mita tatu, lenye zinki, maana hewa ya bahari hapa inakula chuma cha kawaida haraka sana. Sitoboi mabati. Naufunga ukutani, kwenye ubavu wa nyumba, kwa vishikizi viwili vilivyoachana karibu mita moja. Kabla ya kusimamisha, nafunga antena na waya wake tukiwa bado chini. Waya ni ule ulioandikwa RG6, kipande kimoja kizima kutoka antena mpaka king'amuzi, bila kuungaunga katikati. Pale unapoingia kwenye antena nauzungushia utepe wa mpira, maji yasiingie. Maji yakiingia ndani ya waya, picha inakufa polepole na utailaumu kampuni ya king'amuzi bure.

Sasa kulenga. Vijiti vifupi ndiyo mbele, ndivyo vinavyotazama mnara. Mara nyingi nakuta antena imegeuzwa kinyume kwa sababu watu wanadhani upande mpana ndio unaokamata. Mnara uko wapi? Pita mtaani uangalie antena za majirani wenye king'amuzi kama chako. Hapa zote zinatazama mashariki, upande wa Mtwara mjini. Angalia pia vijiti vyao vimelala au vimesimama, na vyako uviweke hivyo hivyo. Ukivikosea utapoteza mawimbi mengi hata kama umelenga sawasawa. Ukitumia dira ya simu, isomee uwanjani, kwa sababu mabati yanaipotosha.

Mdogo wangu yuko ndani na simu sikioni. Amefungua ukurasa wa kutafuta chaneli kwa mkono, penye mistari miwili: Signal Strength na Signal Quality. Wa kwanza unaonesha nguvu inayofika, wa pili unaonesha kama nguvu hiyo inasomeka. Mimi nafuata ule wa Quality. Nageuza kidogo tu, nasimama, nahesabu mpaka tano, ndipo namuuliza. King'amuzi kinachelewa kusoma, na ukizungusha mfululizo utapita mahali pazuri bila kujua.

"Ngapi?"

"Thelathini na tano, kaka."

Nageuza kuelekea mashariki. Hamsini. Tena. Sabini na mbili. Tena kidogo, sitini. Basi nimepita, narudi. Lakini hapa kuna jambo la Mikindani: ukiangalia mstari wa antena yangu, unagonga kichwa cha mnazi. Leo jua linawaka na makuti ni makavu, yakilowa mvua yatameza mawimbi. Kwa hiyo nainua antena nusu mita, mpaka inaona juu ya mnazi. Themanini na moja. Nakaza nati. Ziada hiyo ya Quality ni muhimu, kwa sababu picha ya dijitali haififii kama ya zamani. Inakaa safi, kisha ghafla inaganda, na ukiiacha karibu na ukomo, mvua ya kwanza itaizima.

Sasa ethi, yaani kuunganisha antena na ardhi, ndiyo sababu hasa ya kurekodi video hii. Miaka kadhaa nyuma nilifunga antena nyumbani kwetu, nikachimbia ethi rodi yake chini ya mlingoti, nikajiona nimemaliza. Radi ikapiga mnazi wa jirani. Mlingoti haukuguswa, lakini king'amuzi na televisheni viliungua vyote viwili. Rodi yangu ilikuwa peke yake, haikuunganishwa na ethi ya umeme wa nyumba. Hilo ndilo kosa.

Fikiria hivi. Radi ikipiga karibu, tuseme ampea 1,000 tu zinashuka kwenye rodi yako, na mchanga unapinga kwa omu 20. Zidisha: rodi hiyo kwa nukta ya muda inakuwa na volti 20,000. Ethi ya nyumba, upande wa mita ya umeme, haijapanda hivyo. Umeme unatafuta njia ya kutoka huku kwenda kule, na njia iliyopo ni waya wa antena, king'amuzi, kisha soketi. Ukiunganisha ethi hizo mbili kwa waya mnene wa nje, zinapanda pamoja, na tofauti inayobaki kupita ndani inapungua sana.

Nafanya hivi. Kwenye mlingoti nabana waya wa shaba wa milimita 16 za mraba, unashuka ukutani moja kwa moja mpaka kwenye rodi bila kona kali. Rodi ni ya mita mbili na nusu, naizamisha yote pale maji ya paa yanapodondokea, maana mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri. Usimwagie chumvi. Mvua itaiosha na shaba italiwa. Waya wa antena, kabla haujaingia ndani, unapita kwenye kiungio cha chuma kilichobanwa ukutani, na kiungio hicho nakipeleka ethi kwa waya wa shaba wa milimita 4 za mraba. Kabla ya kiungio nauacha waya wa antena ulegee chini kama kitanzi, maji yadondokee hapo yasifuate ndani.

Kisha waya mwingine wa milimita 16 za mraba, tumeufukia, unatoka kwenye rodi na kwenda mita saba mpaka ethi ya nyumba karibu na mita ya umeme. Kiungo cha huko amekifunga fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, na wewe mwite wako. Usifungue chochote kwenye mita mwenyewe.

Kila mwaka kabla mvua hazijaanza, kwa huku kwetu ni mwezi wa Novemba, kagua vibano vyote. Ukiona unga wa kijani au kutu, sugua mpaka shaba ing'ae, kaza, paka grisi.

Na mpangilio huu hauzuii radi inayopiga antena yenyewe. Hiyo inaweza kuunguza vitu hata ukifunga kila kitu sawasawa. Mama mdogo nimemwonesha: wingu likianza kufanya giza upande wa bahari, kabla ngurumo haijasikika, achomoe plagi ya ukutani na waya wa antena nyuma ya king'amuzi, auweke mbali na televisheni. Akisikia ngurumo kabla hajachomoa, asiuguse tena. Amejaribu mbele yangu mara mbili, na kiungo cha nyuma nimekiacha kimekazwa kwa vidole tu ili kisimsumbue.